Kukokotoa RSA kwa mkono hatua kwa hatua, kwa namba tasa 17 na 19

Kila muhula zoezi la RSA, mfumo wa kusimba ujumbe kwa ufunguo wa umma na kuusimbua kwa ufunguo wa siri, linapotolewa, maswali ya wanaoanza hurudi yale yale: kwa nini d, yaani kipeo cha kusimbua, imetoka hasi, kwa nini kikokotoo kinakataa kipeo kikubwa, na kwa nini ujumbe uliosimbuliwa haufanani na ule uliosimbwa. Nimesahihisha mazoezi haya kwa miaka kadhaa, na makosa karibu yote niliyokutana nayo yana chanzo kimoja. Katika RSA kuna namba mbili zinazofanana kwa ukubwa, n ambayo ni zao la namba tasa mbili, na φ(n) ambayo ni zao la namba hizo baada ya kila moja kupunguzwa moja, na mwanafunzi hutumia moja mahali pa nyingine. Kwa hiyo, kabla ya yote, andika sentensi hii juu ya karatasi yako: ujumbe hupunguzwa kwa n, vipeo hupunguzwa kwa φ(n). Kupunguza kwa namba hapa ni kuchukua baki baada ya kugawanya kwa namba hiyo. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua itakuonyesha ni ipi kati ya namba hizo mbili inayotumika.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida chenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Jedwali la ASCII litakusaidia kugeuza herufi kuwa namba. Unatakiwa pia kujua maana ya alama moja tu, nayo ni *mod*: tunapoandika `18432 mod 323`, tunataka baki linalopatikana 18432 inapogawanywa kwa 323.

Hakikisha kwamba unajua kutafuta baki kwa kikokotoo, kwa sababu hapa ndipo wengi hujikwaa mapema. Gawanya 18432 kwa 323 na kikokotoo kitaonyesha 57.065 na kuendelea. Baki si 65, wala si 0.065. Chukua sehemu kamili pekee, yaani 57, izidishe kwa 323 upate 18411, kisha toa: 18432 − 18411 = 21. Baki ni 21. Utarudia kitendo hiki zaidi ya mara kumi, hivyo kifanyie mazoezi hadi mkono uzoee.

## Hatua ya 1: Chagua namba tasa mbili na utafute n

Mara nyingi mhadhiri hukupa namba hizo. Ukiachiwa uchague mwenyewe, zingatia mambo mawili: zisiwe sawa, na zao lake liwe kubwa kuliko ujumbe mkubwa kabisa utakaousimba. Tutumie p = 17 na q = 19.

```
n = 17 × 19 = 323
```

Ujumbe wetu utakuwa herufi H, ambayo katika ASCII ni 72, na 72 ni ndogo kuliko 323, kwa hiyo tuko salama. Mwanafunzi aliyechagua 5 na 11 angepata n = 55, na hata akikokotoa bila kosa lolote, H ingerudi ikiwa 17, kwa sababu 72 − 55 = 17. Hilo si kosa la hesabu bali la uchaguzi, na huwezi kulirekebisha katika hatua za mbele.

## Hatua ya 2: Tafuta φ(n)

Punguza moja kutoka kwa kila namba tasa, kisha zidisha.

```
φ(n) = (17 − 1) × (19 − 1) = 16 × 18 = 288
```

Wapo wanaozidisha kwanza na kupunguza moja baadaye, wakapata 322. Hesabu hiyo haina maana katika RSA, ingawa hatua zinazofuata zitaendelea bila kuonyesha dalili ya kosa hadi mwisho kabisa. Kumbuka vilevile kwamba kanuni hii inadai p na q ziwe tofauti. Kama zingekuwa sawa, φ ingekuwa p × (p − 1), na kila kitu baada ya hapo kingebadilika.

## Hatua ya 3: Chagua e

Namba e, yaani kipeo cha kusimba, lazima iwe kubwa kuliko 1, ndogo kuliko 288, na isiwe na kigawo cha pamoja na 288 isipokuwa 1. Njia ya haraka ni kuvunja 288 katika vigawo vyake tasa, yaani 2 mara tano na 3 mara mbili. Kwa hiyo e isigawanyike kwa 2 wala kwa 3, na namba ndogo kabisa inayofaa ni 5.

Wanafunzi hupenda kuandika e = 3 kwa mazoea, kwa sababu inafanya kusimba kuwe kwepesi. Hapa haifai. Ili d ipatikane, 3 × d lazima izidi kigawe cha 288 kwa moja hasa. Lakini 288 yenyewe ni kigawe cha 3, na kigawe cha 3 ukikiongezea moja hakigawanyiki tena kwa 3. Ukiona algoriti ya hatua ya 4 inafika baki 0 bila kupitia 1, rudi hapa ubadilishe e.

## Hatua ya 4: Tafuta d

Hapa ndipo pa kutulia. Tunatafuta namba d ambayo, ikizidishwa kwa 5, inatoa baki 1 kwa kugawanya kwa 288. Angalia vizuri: ni 288, si 323, kwa sababu d ni kipeo.

Kwanza shuka kwa algoriti ya Euklidi. Gawanya 288 kwa 5, kisha gawanya 5 kwa baki lililopatikana, na uendelee hivyo hadi baki liwe 1.

```
288 = 57 × 5 + 3
  5 =  1 × 3 + 2
  3 =  1 × 2 + 1
```

Sasa panda kutoka chini. Andika 1 kwa kutumia mstari wa mwisho, kisha kila baki ulibadilishe kwa mstari uliolizalisha.

```
1 = 3 − 2
1 = 3 − (5 − 3) = 2 × 3 − 5
1 = 2 × (288 − 57 × 5) − 5
1 = 2 × 288 − 115 × 5
```

Kosa la kawaida katika kupanda ni kuzidisha kila kitu mara moja. Ukigeuza 57 × 5 kuwa 285 utapoteza 5 unayoitafuta, na mstari wa mwisho hautakuambia chochote. Zichukulie 288, 5 na mabaki kama majina ya vitu unavyovihesabu: una "tano" ngapi, una "tatu" ngapi. Katika mstari wa tatu kuna tano 114 zinazoondolewa ndani ya mabano, yaani mara mbili ya 57, na moja nyingine inayoondolewa nje, jumla 115.

Jibu limetoka −115, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Liongezee 288 mara moja ili liwe chanya:

```
d = −115 + 288 = 173
```

Hakiki papo hapo kabla ya kuendelea: 5 × 173 = 865, na 865 − 3 × 288 = 1. Sawa. Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho wachache hukitumia: kwa kuwa φ(n) ni namba shufwa, d lazima iwe witiri. Ukipata d iliyo shufwa, usipoteze muda kuitumia.

Ufunguo wa umma ni jozi (5, 323) na ufunguo wa siri ni jozi (173, 323). Baada ya hapa 288 hatuihitaji tena isipokuwa katika uhakiki.

## Hatua ya 5: Simba ujumbe

Tunakokotoa 72 kwa kipeo cha 5, kisha tunachukua baki kwa 323. Sasa tunashughulika na ujumbe, kwa hiyo kila punguzo ni la 323. Usikokotoe 72⁵ yote kwa pamoja. Ni 1,934,917,632, na vikokotoo vingi vidogo vya tarakimu nane havitaionyesha. Chukua baki kila baada ya kuzidisha.

```
72² = 5184          5184 − 16 × 323  = 16
72⁴ = 16 × 16       = 256
72⁵ = 256 × 72 = 18432   18432 − 57 × 323 = 21
```

Ujumbe uliosimbwa ni 21.

## Hatua ya 6: Simbua ujumbe

Sasa tunahitaji 21 kwa kipeo cha 173, baki kwa 323. Namba 21¹⁷³ ina tarakimu 229, na hii ndiyo sababu kikokotoo kinaandika kosa. Si kwamba umekosea kubonyeza. Njia ni kugawa kipeo katika vipande vya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, kisha kutumia vile tu vinavyohitajika.

Anza na kipande kikubwa kinachoingia katika 173 na uendelee kutoa: 173 − 128 = 45, 45 − 32 = 13, 13 − 8 = 5, 5 − 4 = 1. Kwa hiyo:

```
173 = 128 + 32 + 8 + 4 + 1
```

Jumlisha tena ujiridhishe. Kisha tengeneza jedwali ambamo kila mstari ni mraba wa mstari uliotangulia, ukichukua baki kwa 323:

```
21^1   =                     21
21^2   = 21×21   = 441    -> 118
21^4   = 118×118 = 13924  -> 35
21^8   = 35×35   = 1225   -> 256
21^16  = 256×256 = 65536  -> 290
21^32  = 290×290 = 84100  -> 120
21^64  = 120×120 = 14400  -> 188
21^128 = 188×188 = 35344  -> 137
```

Mistari ya 2, 16 na 64 haitumiki katika jibu, lakini huwezi kuiruka kwa sababu inabeba inayofuata. Weka alama ya vema kwenye mistari mitano inayotumika, kisha izidishe mmoja mmoja:

```
137 × 120 = 16440  -> 290
290 × 256 = 74240  -> 273
273 × 35  = 9555   -> 188
188 × 21  = 3948   -> 72
```

Tumerudi kwenye 72, yaani H.

Namba kubwa zikikuchosha, unaruhusiwa kutumia hasi. Kwa mfano 290 ni sawa na −33 kwa sababu 290 − 323 = −33, na 256 ni sawa na −67. Hivyo 290 × 256 ni sawa na 33 × 67 = 2211, ambayo baki lake ni 273 lile lile. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kila namba inapozidi nusu ya n, na makosa ya kunakili tarakimu yamepungua sana. Andika tu alama ya kutoa waziwazi, kwani ikisahaulika katika zao la mwisho utaambulia 251 badala ya 72.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa njia nyingine

Kurudia jedwali lile lile si uhakiki mzuri, kwa sababu jicho hupita juu ya kosa lile lile. Kwa kuwa wewe ndiye uliyetengeneza ufunguo na unazijua p na q, fanya hesabu ya kusimbua mara mbili, mara moja kwa 17 na mara nyingine kwa 19. Kipeo nacho hupunguzwa kwa 16 na kwa 18.

Kwa 17: baki la 21 ni 4, na baki la 173 kwa 16 ni 13. Tunahitaji 4¹³. Sasa 4² = 16, ambayo ni sawa na −1, hivyo 4⁴ = 1, na 4¹² pia ni 1. Inabaki 4.

Kwa 19: baki la 21 ni 2, na baki la 173 kwa 18 ni 11. Tunahitaji 2¹¹ = 2048, na 2048 − 107 × 19 = 15.

Ujumbe basi ni namba iliyo chini ya 323, inayobakiza 4 kwa 17 na 15 kwa 19. Andika namba zinazobakiza 15 kwa 19, yaani 15, 34, 53, 72, na uangalie baki la kila moja kwa 17: ni 15, 0, 2, na 4. Ya nne ndiyo yenyewe, 72. Hesabu nzima inaingia katika mistari sita, na haishirikiani na jedwali la hatua ya 6 kwa namba yoyote ya katikati. Ikiwa zoezi linadai njia ya hatua ya 6, wasilisha hiyo. Hii iache kwenye karatasi ya rasimu.

## Jibu likikataa

Kama umesimba 72 ukapata 21, lakini kusimbua hakurudishi 72, usianze upya bila kuangalia d kwanza. Katika mfano huu kila kosa la d lina alama yake. Aliyetafuta kinyume cha 5 kwa 323 badala ya 288 hupata d = 194, kwa kuwa 5 × 194 = 970, na ujumbe wake hutoka 101. Aliyepata −115 kwa usahihi, kisha akaongeza 323 badala ya 288, huwa na d = 208 na ujumbe 188. Hizo mbili zote ni shufwa, kwa hiyo kipimo kile cha witiri kingezikamata mapema. Hatari zaidi ni aliyetumia 322 katika hatua ya 2, kwa sababu d yake ni 129, ambayo ni witiri kama inavyotakiwa, na 5 × 129 = 645 hubakiza 1 kwa 322, kwa hiyo hata uhakiki wake unakubali. Ujumbe wake hutoka 293, na njia pekee ya kuligundua kosa ni kurudi kwenye φ(n).

Kama d ni sahihi, angalia jedwali la miraba. Kosa linalotokea sana ni kuongeza mara mbili badala ya kuzidisha namba kwa yenyewe: mtu anaandika 118, halafu 236, akidhani amepata kipeo cha nne. Baada ya hapo kagua mgawanyo wa 173, kwani kipande kimoja kikisahaulika jibu hupotea kabisa. Halitakaribia 72, na ukubwa wa tofauti hautakuonyesha kosa liko wapi.

Kama ujumbe ulikuwa 395 na umerudi 72, hesabu yako ni nzima; 395 − 323 = 72, na ujumbe ulizidi n tangu mwanzo. Jambo hili huwapata wanaounganisha herufi mbili, kwa mfano wanaoandika HA kuwa 7265. Kwa n ndogo kama hii, simba kila herufi peke yake.

Kama ujumbe uliosimbwa ni sawa na ujumbe wenyewe, pengine hujakosea. Jaribu 18: 18² = 324, ambayo hubakiza 1, hivyo 18⁵ ni 18 tena. Kwa ufunguo huu ziko namba 15 kati ya 323 zisizobadilika, zikiwemo 0 na 1, na ndiyo maana mazoezi yanayohesabu A kuwa 0 huwa na herufi mbili, A na B, ambazo hazifichiki kwa ufunguo wowote. Ukiruhusiwa, anza kuhesabu A kwa 2 au tumia ASCII.

Mwisho ni swali ambalo huleta ubishi kila mara: mwenzako ana d = 29, wewe una 173, na nyote mnapata 72. Nyote mko sahihi. Yeye hakutumia 16 × 18 bali kigawe kidogo cha shirika cha 16 na 18, ambacho huandikwa λ(n) na hapa ni 144, na 5 × 29 = 145 hubakiza 1 kwa 144. Tena 173 − 144 = 29. Viwango vinavyotumika leo, kama RFC 8017, hufuata njia hiyo ya kigawe kidogo, wakati mazoezi mengi ya darasani hutumia φ(n). Soma swali lako lilivyoandikwa: likitaja φ(n) andika 173, na likitaja λ(n) andika 29.